Loki moja, skripti moja: flock kwa kazi za cron zinazopandiana

Kama una seva yenye kazi ndani ya cron inayojirudia kila dakika chache, jiulize swali moja: ile iliyoanza dakika tano zilizopita ikichelewa kumaliza, hii ya sasa inafanyaje? Inaanza tu. cron yenyewe inaangalia saa, muda ukifika inaita amri uliyoiandika basi, kama ile ya kwanza bado ipo ndani inahangaika na mtandao hiyo cron haijui na wala haiulizi. Sasa mnakuwa na nakala mbili za skripti ileile zinakula data ileile kwa wakati mmoja, na siku nyingi hakuna kitakachotokea, ndo maana watu wanakaa nayo miaka bila kugundua.

Niliitwa kuangalia seva ya wanunuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Utaratibu wao ni mzuri kabisa. Mzigo ukishushwa kutoka visiwani, Ukara, Kome, kote huko, karani anapima, anaingiza kwenye mfumo, mfumo unamtumia mwenye mzigo SMS kwamba tumepokea gunia kadhaa, malipo yako ni kiasi fulani. Mwenye mzigo mara nyingi hayupo Mwanza, kampakilia mtu mzigo yeye kabaki kisiwani anaanika mwingine, kwa hiyo ile SMS ndo risiti yake, hana nyingine. Sasa mama mmoja wa Ukara akapiga simu ofisini, na karani akaniwekea sauti nisikie. Wakasalimiana vizuri, shikamoo mama, marahaba mwanangu, halafu mama akasema: "Mmeniandikia gunia kumi na nne, mkaniandikia tena gunia kumi na nne. Hizo ni ishirini na nane. Mbona hela iliyoingia ni ya kumi na nne?"

Na mama yuko sahihi. Ujumbe umekuja mara mbili, haukusema huu ni marudio, na yeye siku hiyo alituma mizigo kwa boti zaidi ya moja. Karani atamweleza nini?

Nikaangalia mstari wa crontab, ulikuwa hivi:

```
*/5 * * * * /opt/mizigo/tuma_sms.sh
```

Na ndani ya hiyo skripti inaitwa programu ya PHP inayofanya kitu rahisi: inasoma kwenye databesi jumbe zote zenye hali ya "inasubiri", inaziweka kwenye orodha, inapita moja moja kuzituma kwa API ya kampuni ya SMS, na kila ikituma moja inabadilisha hali kuwa "imetumwa". Hamna ubaya hapo ukiisoma peke yake. Tupige hesabu ya asubuhi ambayo boti zimeingia kwa pamoja, foleni ina jumbe 240. Siku ya kawaida ujumbe mmoja unachukua kama sekunde moja, kwa hiyo zote zinaisha ndani ya dakika 4, kabla cron haijaita tena. Siku ambayo API ni nzito ujumbe unachukua sekunde 2, foleni nzima inataka dakika 8. Saa nne kamili nakala ya kwanza inaanza na orodha yake ya 240. Saa nne na dakika tano imeshatuma 150, zimebaki 90, na hizo 90 kwenye databesi bado zimeandikwa "inasubiri". Hapohapo nakala ya pili inaanza, inasoma zinazosubiri, inapata zilezile 90, inaanza kuzituma. Ya kwanza nayo haina habari, ina orodha yake mkononi tangu saa nne, inaendelea. Watu 90 wanapata SMS mbili, wale 150 wa mwanzo wanapata moja. Ndo maana malalamiko yalikuwa yanakuja ya watu baadhi tu, tena siku za mizigo mingi, na kila mtu pale ofisini alishaamini kwamba ni mtandao wa simu unarudia jumbe.

Ukitaka kujua kama ugonjwa wako ni huu, usikisie. Siku yenye foleni kubwa piga `pgrep -af tuma_sms` mara kadhaa, ukiona mistari miwili ya skripti yenyewe, bila kuhesabu ile inayoanza na `sh -c` ambayo ni cron inaita, yenye namba tofauti za prosesi umeshapata jibu. Au kama logi yako inaandika namba ya prosesi kwenye kila mstari, angalia kama namba mbili zinapishana ndani ya dakika ileile.

Fundi aliyetangulia alishaliona tatizo, tena alishajaribu kulizuia siku za nyuma kabla watu hawajaizima kinga yake. Nilikuta mistari yake imefungwa kwa alama ya reli, `#`, isisomwe, na nataka niiongelee kwa sababu karibu kila mtu anaanzia hapa:

```
if [ -e /opt/mizigo/sms.pid ]; then exit 0; fi
echo $$ > /opt/mizigo/sms.pid
```

Yaani faili likiwepo, kuna mwenzangu ndani, naondoka. Lisipokuwepo, naliweka mimi, nikimaliza nalifuta. Ina matatizo mawili. La kwanza ni ule upenyo kati ya mstari wa kuangalia na mstari wa kuandika, nakala mbili zikiangalia karibu kwa pamoja zote zinaona hakuna faili, zote zinaingia. Hili halitokei mara kwa mara kwenye cron ya dakika tano, ila karani akibonyeza "tuma sasa" kwenye sekunde ileile ya cron linatokea. La pili ndo linaloumiza watu huku kwetu: umeme ukikatika katikati ya kazi na betri ya seva ikaisha, skripti inakufa bila kufuta faili lake, seva ikiwaka faili lipo palepale kwenye diski, na kuanzia hapo kila nakala inayoitwa inaliona, inaondoka kimyakimya. SMS hazitoki tena mpaka mtu aje alifute kwa mkono. Ndo ilivyowatokea, wakachoka, wakaamua bora SMS mbili kuliko kukosa kabisa, wakaifunga ile mistari.

Wengine wanajaribu kuboresha kwa kusoma namba ya prosesi, PID, ambayo `echo $$` imeiandika kwenye faili, na kuuliza kama prosesi hiyo ipo hai. Inasaidia kidogo, lakini seva ikishawaka upya namba zinaanza kugawiwa upya, na namba yako ya zamani inaweza kuwa imeshachukuliwa na programu nyingine kabisa. Kwa hiyo utaambiwa yupo hai, kumbe ni mtu mwingine.

Sasa flock. Ni amri ndogo inayokuja na util-linux, kwa hiyo kwenye Ubuntu, Debian, na ndugu zake za seva tayari unayo, hamna cha kuinstoo. Kabla hata hujagusa crontab fungua madirisha mawili ya kuandikia amri, la kwanza andika:

```
flock -n /tmp/jaribu.lock sleep 60
```

Halafu haraka nenda la pili:

```
flock -n /tmp/jaribu.lock echo nimeingia; echo $?
```

Hutaona neno "nimeingia". Utaona 1 tu, yaani flock imekuta loki imeshikwa, na kwa kuwa umeipa `-n` haikusubiri, imeondoka na hiyo 1. Subiri dakika iishe urudie, "nimeingia" inatokea na 0 chini yake. Halafu angalia lile faili `/tmp/jaribu.lock`: bado lipo, tupu, baiti sifuri, na uwepo wake haujamzuia mtu.

Hapo ndo penye kiini cha jambo zima, na ukikielewa yale mengine yote yanafuata yenyewe. flock haiulizi kama faili lipo. Inalifungua faili, halafu inaiomba kerneli ya Linux iweke loki juu ya huko kufunguliwa. Kuangalia na kushika vinafanyika kwa pigo moja ndani ya kerneli, kwa hiyo ule upenyo haupo. Na loki inadumu muda ule tu ambao kuna prosesi bado imelishikilia faili likiwa wazi. Prosesi ikiisha, iwe kwa heri, kwa bagi, au kwa `kill -9`, kerneli inafunga mafaili yake yote na loki inaondoka nayo. Umeme ukikatika ndo kabisa, loki zilikuwa kwenye kumbukumbu ya kerneli, hazikuandikwa popote kwenye diski. Ni kama viti vya kwenye meli ya Nansio: faili la PID ni kitenge ulichotandika kwenye kiti, mwenyewe ukishuka kitenge kinabaki na watu wanaogopa kukaa, flock ni kukikalia kiti mwenyewe, ukinyanyuka kiti kiko wazi bila mtu kuja kutoa chochote.

Njia fupi ya kuiweka ni kwenye crontab moja kwa moja:

```
*/5 * * * * flock -n /opt/mizigo/lock/sms.lock /opt/mizigo/tuma_sms.sh
```

Kwa watu wengi hii inatosha na unaweza kuishia hapa leo. Lakini pale Mwaloni isingetosha, kwa sababu kuna kijana wa ofisini ambaye akiona SMS zinachelewa anaingia kwenye seva anaita `/opt/mizigo/tuma_sms.sh` kwa mkono. Anasaidia, simlaumu. Ila loki ya flock ni ya hiari, inamfunga yule tu anayeiuliza. Aliyeita skripti moja kwa moja hajapita kwenye flock, kwa hiyo hajui kuna loki na hakuna wa kumzuia. Kwa hiyo mimi napenda loki ikae ndani ya skripti yenyewe, juu kabisa, kabla haijasoma kitu chochote:

```
#!/bin/bash
exec 9>/opt/mizigo/lock/sms.lock
flock -n 9 || { logger -t sms "nakala nyingine bado ipo ndani"; exit 75; }

timeout -k 30 15m php /opt/mizigo/tuma.php
```

Mstari wa `exec` unafungua faili na kulipa namba 9 ndani ya skripti, namba tu, 9 imezoeleka kwa sababu iko mbali na 0, 1 na 2 ambazo zina kazi zake. Mstari unaofuata unaomba loki juu ya hiyo namba 9. Ikipatikana skripti inaendelea, na namba 9 inabaki wazi mpaka skripti inaisha. Ikikosekana inaandika mstari mmoja kwenye logi ya mfumo na kutoka na 75. Kwa nini 75 na sio 1? Kwa sababu 1 ndo namba ambayo skripti nyingi zinatoka nayo zikiharibikiwa kwa lolote, na wewe unataka kutofautisha "nimekuta mtu" na "nimevunjika". Kama unatumia ile njia ya crontab, kitu hichohicho kinapatikana kwa `-E 75`.

Folda ya `lock` iwe ya yule mtumiaji anayeendesha kazi, na kila mtu aiite kazi kama huyo mtumiaji, hata kijana wa ofisini: `sudo -u mizigo /opt/mizigo/tuma_sms.sh`. Usiweke loki za kazi za kweli ndani ya `/tmp`. Moja, kuna usafi unaofanyika mle wa kufuta mafaili ya zamani. Mbili, Linux za siku hizi zina ulinzi unaozuia kufungua kwa kuandika upya faili la mtu mwingine ndani ya folda ya wote kama `/tmp`, na ulinzi huo haumwogopi hata root, kwa hiyo unaita kwa sudo unaambiwa `Permission denied` na unabaki unashangaa root amenyimwaje.

Sasa kuhusu kufuta faili la loki. Naona watu wengi wanaandika `rm -f` mwishoni mwa skripti kwa nia njema ya usafi, au skripti ikikwama wanaingia wanalifuta ili "kuachia". Usifanye, kwa sababu kulifuta hakuachii loki, kunaivunja. Fuatilia kidogo: nakala A imefungua faili na ina loki. Mtu analifuta. A haijali, kwenye Linux faili likifutwa jina linaondoka lakini aliyelifungua anaendelea nalo na loki yake juu. Inakuja nakala B, inafungua jina lilelile, halipo, kwa hiyo linaundwa jipya. Jina ni moja ila ni faili jingine, ukipiga `ls -i` kabla na baada utaona namba yake ya inodi mara nyingi imebadilika. B inaomba loki juu ya faili jipya ambalo hakuna aliyelishika, inapewa. A na B zote ndani, na kila moja ina loki halali kabisa. Hata ile `rm` ya mwishoni inaleta hivyohivyo kama kuna nakala ilikuwa imeshafungua faili la zamani inasubiri zamu. Liache lile faili tupu likae milele, haligharimu kitu.

Tatizo litakalokupa kazi zaidi siku moja ni loki inayokataa kuachia wakati skripti imeshaisha zamani. Dalili yake: SMS zimekoma, `pgrep` haionyeshi `tuma_sms` yoyote, lakini logi kila dakika tano inasema nakala nyingine bado ipo ndani. Ukifika hapo mkono unawasha kufuta faili. Badala yake uliza nani kalishika:

```
fuser -v /opt/mizigo/lock/sms.lock
```

Pale Mwaloni tulipokuwa tunajaribu kwenye seva ya pembeni jibu lilikuwa hili:

```
                     USER        PID ACCESS COMMAND
/opt/mizigo/lock/sms.lock:
                     mizigo     4127 F.... autossh
```

autossh inafanya nini kwenye loki ya SMS? Skripti ilikuwa na mstari wa kufungua njia ya ssh kwenda kwenye databesi ya ofisi nyingine, kwa `autossh -f`, programu inayoiwasha ssh upya kila ikikatika, ambayo inajitenga na kubaki nyuma hata skripti ikiisha. Na kwenye Linux mtoto anarithi mafaili yaliyofunguliwa na mzazi, namba 9 ikiwemo. Loki inaondoka pale tu wa mwisho aliyelishika faili anapolifunga, na autossh ilikuwa na mpango wa kuishi wiki nzima. Dawa ni kumfungia mtoto huyo namba 9 wakati unamzaa:

```
autossh -M 0 -f -N -L 5433:localhost:5432 ofisi 9>&-
```

Hiyo `9>&-` maana yake hii amri ianze bila namba 9. Kitu chochote ambacho skripti inakiacha kikiendelea nyuma, kiwe autossh, kiwe amri yenye `&`, kipe hiyo. Kwenye njia ya crontab kuna `-o` inayofanya hivyo kwa amri nzima, flock inabaki na loki mwenyewe na haimpi mtoto.

Ila usifungie watoto wote hovyo. Ile `php` haijafungiwa makusudi. Mtu akiiua skripti ya bash kwa `kill -9` wakati php bado inatuma, php inaendelea kuishi, na kwa kuwa ina namba 9 loki inabaki mpaka imalize. Ndo tunachotaka, kwa sababu anayetuma SMS ni php, sio bash.

Kuna pia `lslocks` inayoorodhesha loki zote kwenye mashine, ni nzuri, lakini kwa hii njia ya `exec 9` naiamini `fuser` zaidi. Kerneli inakumbuka namba ya prosesi iliyoomba loki, na aliyeomba ni ile amri ndogo ya `flock` iliyoshaisha sekunde ileile, kwa hiyo lslocks inaweza kukuonyesha namba ya prosesi isiyokuwepo tena ukadhani loki ni ya mzimu.

Twende kwenye ile `timeout`, maana flock ikishawekwa vizuri inaleta hatari yake mpya. Zamani nakala moja ikikwama, nakala zinazofuata zilikuwa zinaingia na kufanya kazi, kwa fujo lakini inaenda. Sasa moja ikikwama, zote zinazofuata zinakuta loki zinaondoka, kazi imesimama na hakuna kosa lolote lililoandikwa. Na kukwama ni rahisi kuliko unavyofikiri: PHP ikiendeshwa kwenye mstari wa amri haina kikomo cha muda, na curl ndani ya PHP usipoiwekea `CURLOPT_TIMEOUT` inasubiri jibu bila mwisho. Mtandao ukikatika vibaya baada ya kuunganishwa, ujumbe mmoja unaweza kuishikilia foleni nzima mpaka kesho. Kwa hiyo kwanza weka `CURLOPT_TIMEOUT` ya sekunde 20 hivi kwa kila ujumbe, halafu juu yake `timeout -k 30 15m`: ikifika dakika 15 php inaombwa iache, ikigoma sekunde 30 zaidi inauawa. Dakika 15 niliipata kwa kuchukua siku mbaya tuliyoijua, dakika 8, na kuipa karibu mara mbili. Usiweke dakika 5 eti kwa kuwa cron ni ya dakika 5, utaua kazi nzima inayoendelea vizuri.

Na ile logi itazamwe. "Nakala nyingine bado ipo ndani" ikitokea mara moja mbili asubuhi ya mizigo ni kawaida, ni flock inafanya kazi yake. Ikitokea mara 12 mfululizo hiyo ni saa nzima, na kwa kikomo cha dakika 15 haitakiwi kutokea kabisa, kwa hiyo rudi kwenye `fuser`.

Kuhusu kusubiri: `-n` inafaa kwa kazi zinazojirudia, kwa sababu ukiruka zamu hii ijayo itafanya. Ripoti ya usiku inayoitwa mara moja tu haifai kurukwa, hiyo ipe `-w 600`, isubiri hadi dakika 10 ndo ikate tamaa. Usiache flock bila `-n` wala `-w` kwenye kazi ya dakika tano, itasubiri bila kikomo, na kazi ikikwama asubuhi utakuta jioni foleni ya prosesi zimekaa zinangoja, na siku loki ikiachia zinaingia moja nyuma ya nyingine.

Halafu mipaka. Loki hii ni ya mashine moja. Wakinunua seva ya pili na kuweka cron ileile huko, kila seva ina diski yake na faili lake, zitatuma zote. Makontena vilevile, kila moja lina mafaili yake ya ndani usipolipa folda moja la pamoja. Hapo loki iwekwe kwenye kitu wanachokishea kweli, na mara nyingi ni databesi: MySQL ina `GET_LOCK`, PostgreSQL ina `pg_try_advisory_lock`.

Na kuna jambo moja flock hailiwezi hata kwenye mashine moja. Programu ikituma SMS halafu ikafa kabla haijaandika "imetumwa", nakala inayofuata itaituma tena, na loki haikukosea popote, zilikuwa nakala mbili kwa zamu. Tulibadilisha php iuchukue ujumbe kwanza ndo itume:

```
UPDATE ujumbe SET hali='inatumwa'
WHERE id=812 AND hali='inasubiri';
```

Databesi ikijibu kwamba mstari mmoja umebadilika, tuma. Ikijibu sifuri, mwingine ameshauchukua, pita. Ujumbe uliokwama kwenye "inatumwa" zaidi ya nusu saa hautumwi tena wenyewe; unatokea kwenye ukurasa wa karani, anaingia kwenye akaunti yao ya kampuni ya SMS kuangalia kama ulitoka, na anaamua mwenyewe kama aurudishe kwenye "inasubiri" au ampigie simu mwenye mzigo.